Picha ya kibao cha lugha ngeni: umpe mtu tafsiri au umpe maana?

Jirani yangu hapa Stuttgart, mama mmoja wa Kijerumani aliyestaafu, alirudi kutoka likizo Tanzania simu imejaa picha. Tembo, twiga, bahari, tembo tena, halafu katikati ya hao tembo kuna ukuta wa nyumba umeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI. Akaniuliza hii inasemaje, nikamwambia inasema nyumba hii haiuzwi. Akaniangalia kidogo kisha akauliza, sasa kwani nani alitaka kuinunua?

Nilikuwa nimemjibu sawasawa kabisa na wakati huohuo sijamjibu kitu. Wewe unayesoma hapa ukiona maneno yale kwenye ukuta unajua moja kwa moja kuna jambo, labda ndugu wanagombania mirathi na mmoja ameshaanza kutafuta mteja kimyakimya, labda kuna tapeli anapitisha watu na hati feki, na mwenye nyumba ameamua kuongea na huyo mteja ambaye hajawahi kumuona, kwamba ukileta hela yako hapa umeliwa. Hayo yote hayamo kwenye yale maneno matatu. Yapo kichwani kwetu.

Sasa geuza upande. Mimi nimekaa Ujerumani miaka kadhaa, na kila mtu anayekuja huku kusoma au kufanya kazi namba yangu anapewa, kwa hiyo wasapu yangu ni picha za vibao na matangazo ya mlangoni tu, "mjomba hii imeandikwaje", "kaka nisaidie hapa". Na kila mara nasimama pale pale: nimtafsirie kilichoandikwa, au nimwambie kinachomaanisha pale alipo? Kama na wewe ndo mkalimani wa ukoo, huu ulinganisho ni wako. Mifano yangu ni ya Kijerumani kwa sababu ndo ninachokijua vizuri.

Vitu vinne vya kuangalia kabla hujajibu

Cha kwanza, akishasoma jibu lako atafanya nini? Atahamisha gari, atasaini, atalipa, au anataka kujua tu? Cha pili, jibu lako litaishia kwake au litapelekwa kwa mtu mwingine, mwanasheria, mwenye nyumba, ofisi? Cha tatu, ukikosea hasara inatokea upande gani, maana kuna mahali neno moja ukiliruka mtu anaumia, na kuna mahali ukilitafsiri neno kwa uaminifu wote ndo mtu anaumia. Cha nne ndo wengi tunakiruka: ukiondoa lugha, wewe mwenyewe unazijua sheria na desturi za pale? Kujua Kijerumani na kujua mambo ya Wajerumani ni vitu viwili tofauti, niamini, yamenikuta na nitasimulia.

Njia ya kwanza: tafsiri, kilichoandikwa kama kilivyoandikwa

Inachokupa: hapa unaleta kila neno kwa Kiswahili, kila tarehe, kila namba, hata lile dogo la pembeni, na huongezi lako. Uzuri wake ni kwamba anayeuliza anabaki na uhuru wa kuamua mwenyewe, na kama kesho atampelekea mtu mwingine basi yule anapata kitu kilekile kilichopo kwenye karatasi, sio ulichodhani wewe.

Mfano ambao tafsiri kamili haina mbadala ni barua ya serikali, na huku kuna aina moja unapaswa kuijua kwa rangi tu: bahasha ya njano. Ukiiona hiyo ujue barua imeletwa kwa utaratibu maalum, mtu wa posta ameandika kwa mkono tarehe aliyoileta juu ya bahasha, na siku za kupinga zinahesabiwa kuanzia hiyo tarehe hata kama aliitumbukiza tu kwenye sanduku lako na wewe ulikuwa kazini. Faini ya barabarani ikija hivyo una wiki mbili za kuweka pingamizi, basi. Sasa mtu anakupigia picha ya barua, bahasha ameshaitupa jalalani, na wewe unamwandikia "wanasema ulikimbiza gari, lipa tu". Umemwambia maana, ndiyo, lakini umeruka ule ukurasa wa nyuma unaoeleza apinge wapi, kwa njia gani, ndani ya siku ngapi. Kwa karatasi kama hiyo tafsiri yote, kuanzia namba ya kumbukumbu pale juu, na umwambie akaitafute bahasha.

Inaharibika wapi: kwenye vibao vifupi. Kibao kinaandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anajua nusu ya habari, ndo maana kina maneno mawili matatu. Chukua neno frei, utalikuta kila kona ya nchi hii. Mlangoni pa maonyesho Eintritt frei ni kiingilio bure. Kwenye nyumba ya wageni Zimmer frei ni kwamba vyumba vipo, na hapo ukitafsiri "chumba bure" mtu ataingia na begi lake akijua amepata bahati. Kwenye kibao cha njia iliyofungwa, Radfahrer frei ni kwamba katazo la hapo juu halimhusu mwenye baiskeli. Neno moja, mambo matatu, na kamusi inakupa "huru" kote.

Inamfaa nani: mwenye barua ya ofisi, mwenye mkataba, mtu ambaye ana mshauri wake tayari anayehitaji maandishi tu, na pia mwanafunzi wa lugha. Huyo wa mwisho tunamsahau. Mpwa wangu alipoanza kozi alikuwa ananitumia picha za vibao vya treni, mimi namwelezea maana kwa kirefu, mpaka siku moja akaniambia, mjomba samahani, maana nimeielewa, nilitaka kujua kwa nini kitenzi kimekaa mwisho.

Njia ya pili: maana, kinachotakiwa kwako hapo ulipo

Inachokupa: hapa unaangalia picha nzima, unajiuliza nani ameweka hiki kibao, anaongea na nani, na anataka afanye nini, halafu unamwambia hilo. Maneno yenyewe unaweza hata usiyataje.

Mfano mtamu kuliko yote upo hapa hapa kwetu Stuttgart na vijiji vyote vya Waswabia, wenyeji wa eneo hili. Siku moja unarudi kutoka kazini unakuta kibao kidogo cha mbao au cha kadi kimening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wako, kimeandikwa neno moja, Kehrwoche. Tafsiri yake ni wiki ya kufagia. Mpwa wangu alivyopata tafsiri hiyo akafurahi, akadhani ni tangazo kwamba wiki hii watakuja watu kufagia jengo, akakiacha hapo hapo mlangoni na akaendelea na maisha yake. Wiki ikaisha, hakuna aliyefagia, na majirani wakaacha kuitikia salamu.

Maana yake ni kwamba zamu ni yako. Kuna zamu ndogo, ambayo kwa kawaida ni ngazi na korido ya ghorofa yako, na kuna zamu kubwa ambayo ni nje, mlangoni, njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba, wakati mwingine na ngazi za kwenda chini kwenye stoo. Ukimaliza wiki yako unakichukua kibao unakwenda kukining'iniza kwa jirani anayefuata. Ujumbe haupo kwenye neno hata kidogo, upo kwenye mlango kilipowekwa. Kibao kilekile kikiwa mlango wa pili hakikuhusu. Na jukumu lenyewe linatoka kwenye mkataba wa pango au kanuni za nyumba ulizosaini siku ya kwanza bila kusoma (wote tulisaini bila kusoma), ndo maana kibao hakihitaji kujieleza.

Inaharibika wapi: inaharibika pale unapojaza pengo kwa kitu usichokijua. Hii ni aibu yangu naisema mwenyewe. Rafiki mmoja alikuwa anampelekea jamaa yetu kochi, akafika mwanzo wa mtaa akakuta kile kibao cha duara cheupe chenye ukingo mwekundu, yaani magari hayapiti, na chini yake kibao kidogo Anlieger frei. Akanitumia picha. Mimi bila hata kukuna kichwa nikamwandikia "hiyo ni kwa wakazi wa mtaa tu, usiingie". Wakaegesha mbali, wakabeba kochi mkononi, na mvua ilikuwa inanyesha. Kumbe Anlieger si mkazi peke yake, ni yeyote mwenye shughuli kwenye nyumba au kiwanja cha mtaa ule, mgeni anayekwenda kumtembelea mtu yumo, na mleta mzigo yumo. Asiyeruhusiwa ni yule anayekatiza tu kufupisha njia. Mimi nililichanganya na neno la mkazi, Anwohner, yanafanana kidogo lakini si kitu kimoja. Ningekuwa nimemtafsiria tu na kusema "hili neno lina maana ya kisheria sina uhakika nalo", angalau angemuuliza mwenyeji wake kwa simu, dakika moja.

Kuna na mfano mgumu zaidi, ambapo kibao chenyewe kinasema zaidi ya ukweli. Kila saiti ya ujenzi huku ina bango: hairuhusiwi kuingia, wazazi wanawajibika kwa watoto wao, Eltern haften für ihre Kinder. Tafsiri yake ni rahisi na ni sahihi. Sasa dada mmoja alinitumia picha ya bango hilo usiku, mwanae wa miaka sita alipenya na wenzake wakavunja kitu mle ndani, anauliza "kaka, hii ina maana nitalipa?" Ukimpa tafsiri umemjibu "ndiyo". Lakini kwa sheria yao ya madai, kifungu cha 832, mzazi anawajibika pale tu alipozembea wajibu wake wa kumwangalia mtoto, na mtoto wa chini ya miaka saba mwenyewe hawajibiki, hicho ni kifungu cha 828. Bango haliwezi kuibadilisha sheria, limewekwa hasa kutisha. Kwa hiyo hapo maneno ni kitu kimoja na hali halisi ni kingine, na anayekutumia picha anahitaji kuambiwa vyote kwa kutenganishwa: bango linasema hivi, sheria inasema vile, na kama barua ya madai ikifika basi nenda kwa mwanasheria, usije kwangu.

Inamfaa nani: mgeni aliyesimama mbele ya kibao muda huu, dereva, mpangaji mpya, mzee aliyekuja kutembelea watoto, na mtu yeyote ambaye maneno ameshayapata ila hayamsaidii.

Njia ya tatu: maana mstari wa juu, tafsiri chini yake

Hii nitaipitia haraka kwa sababu ni mchanganyiko tu. Mstari wa kwanza unamwambia afanye nini, halafu chini unaweka maneno yalivyo, na kama kuna ulichoongeza kutoka kichwani kwako unasema wazi "hii haijaandikwa, naijua tu". Inakula muda wako, ndo ubaya wake mkubwa, na mtu aliye barabarani hasomi mistari kumi. Inamfaa anayeweza kusubiri, au ambaye jibu utalitumia kwa kundi zima la familia ambapo kila mtu ana swali lake.

Sasa utajuaje anataka ipi?

Maneno anayotumia yanakudanganya. Kwetu "inasema nini", "imeandikwaje" na "ina maana gani" watu wanayabadilishana tu, huwezi kuyategemea. Mimi naangalia picha yenyewe imepigwaje.

Kama maandishi yamejaa kioo chote, karatasi imenyooshwa mezani, kurasa mbili tatu zimefuatana, huyo ana muda na anataka tafsiri. Kama kibao kipo pembeni na katikati ya picha kuna gari lake, au kitasa cha mlango wake, au mashine ya tiketi na kidole chake, huyo anataka kujua afanye nini. Kama picha imetikisika na imepigwa usiku, ni dharura, mjibu kwanza jambo la kufanya.

Kingine, kama amekutumia skrinishoti ya apu ya kutafsiri, maneno ya Kiswahili au Kiingereza yameshabandikwa juu ya kibao, basi tafsiri anayo. Ukimpa nyingine nzuri zaidi bado atakuuliza "sasa?". Huyo anatafuta maana.

Na angalia nini kimekatwa. Vibao vidogo vya chini huku vinafanya kazi kwa kile kibao kilicho juu yake moja kwa moja, kwa hiyo picha ya kibao kidogo peke yake ni kama nusu ya sentensi, huwezi kutoa maana, tafsiri tu. Omba picha nyingine kuanzia juu ya nguzo mpaka chini. Ukishindwa kabisa kusoma nia yake uliza swali moja tu, "uko wapi na unataka kufanya nini?", jibu lake litakupa kila kitu.

Picha moja, tuipitie mwanzo mpaka mwisho

Jumanne jioni mpwa wangu ananitumia picha. Shikamoo mjomba, Alhamisi kuna maandamano mtaani kwetu, ni salama kutoka?

Nikaiangalia. Kibao cha muda, kile cha kuwekwa kwenye kitako kizito cha plastiki, duara la bluu, ukingo mwekundu, mistari miwili myekundu imekatizana, na mshale mweupe unaoelekea kushoto. Chini yake kibao cheupe: Umzug, Do 7–18 Uhr, pamoja na tarehe. Nyuma kabisa, nusu yake inaonekana, ile gari ndogo aliyonunua kwa mtu mwezi uliopita.

Neno lililomtisha ni Umzug. Lina maana mbili kweli, kuhama nyumba, na msafara wa watu barabarani kama ule wa kanivali. Simu yake ikamchagulia msafara, yeye akausikia kama maandamano. Na Do ni ufupisho wa Donnerstag, Alhamisi, hilo alilipata. Kwa hiyo tafsiri aliyokuwa nayo haikuwa ya kubuni, kila neno lilitoka kwenye kamusi, na bado alikuwa anajiandaa kujifungia ndani siku nzima huku hatari iko kwenye gari.

Maana: kuna mtu anahama Alhamisi, ameombewa nafasi ya lori, na kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni hairuhusiwi gari kusimama kipande hicho. Mistari miwili iliyokatizana ni kutosimama kabisa, ungekuwa mstari mmoja tu angeweza kusimama mpaka dakika tatu, au kupakia na kushusha. (Na hizo 7 na 18 umgeuzie kwa saa zetu, maana nimeshaona mtu anaenda saa saba mchana.)

Lakini kuna kitu ambacho hakina herufi hata moja kwa hiyo tafsiri yoyote ile haikigusi, nacho ni ule mshale. Mshale unaoelekea barabarani unaonyesha katazo linaanzia hapo kwenda mbele, na unaoelekea nje ya barabara unaonyesha linaishia hapo. Kibao kikiwa upande wa kulia wa barabara, mshale wa kushoto ndo mwanzo. Swali likawa gari ipo kabla ya hicho kibao au baada yake, na cha mwisho kiko wapi. Nikamwambia tembea mbele, piga picha ya kibao kingine chenye mshale wa kulia, na gari ionekane. Akaleta. Gari ipo katikati ya viwili, kwa hiyo ihamishwe kabla ya Alhamisi saa moja asubuhi.

Akaniuliza swali zuri: mjomba, mimi niliegesha Jumapili na kibao hakikuwepo, wanaweza kunivuta? Hapo tumetoka kabisa kwenye lugha. Mahakama kuu ya utawala ya Ujerumani iliamua mwaka 2018 kwamba mwenye gari aliyeegesha kihalali asidaiwe gharama za kuvutwa mpaka zipite siku tatu kamili tangu kibao kiwekwe, yaani gharama zinaanza kumwangukia siku ya nne. Gari lenyewe wanaweza kulivuta, suala ni nani analipa brekdauni. Na wanaoweka vibao huwa wanaandika namba za magari yaliyokuwepo siku hiyo, kwa hiyo kudanganya siku ni bure. Nikamwambia piga picha yenye tarehe uihifadhi, halafu hamisha gari, kwa sababu haki unaweza kuwa nayo na gari ikawa yadi ya mbali.

Ona sasa huyu mtu mmoja amepita njia zote. Alianza na tafsiri, akahitaji maana. Na kama gari lingekuwa limeshavutwa na anaandika barua ya kupinga, angehitaji tena tafsiri ya kila kilichoandikwa, tarehe na saa, bila maelezo yangu.

Kwa hali yako

Mtu yupo barabarani au mlangoni na anasubiri jibu amesimama: maana, sentensi moja, ukianza na kitenzi. "Hamisha gari kabla ya Alhamisi saa moja asubuhi." Maelezo yatafuata akishakaa.

Karatasi yenye muhuri, namba ya kumbukumbu, au tarehe ya mwisho: tafsiri yote, kurasa zote, na uulizie bahasha. Kama atakuomba ushauri juu yake mpe kando, usiuchanganye ndani ya tafsiri.

Tangazo la ubaoni kwenye jengo, mfano la kuja kusoma mita za joto au maji: njia ya tatu. Juu mwandikie "Jumanne saa mbili mpaka saa nne asubuhi uwe nyumbani au mwachie mtu ufunguo, sogeza vitu mbele ya mabomba ya joto", chini tafsiri. Hapa maana bila maneno haitoshi kwa sababu kuna namba ya simu ya kubadilisha siku, na wakikosa kabisa kuingia wanaweza kukukadiria matumizi, kwa hiyo hiyo namba anaihitaji.

Picha ya kumbukumbu au ya kuchekesha, kama ile ya jirani yangu: maana, na ukipenda hadithi nzima. Nilirudi kwake kesho yake nikamwelezea mambo ya hati feki na mirathi, tukanywa chai saa nzima.

Mwanafunzi wa lugha: tafsiri neno kwa neno, kisha nyamaza.

Unajua lugha lakini hujui sheria za pale: toa tafsiri, taja neno lenye utata kwa jina lake kama lilivyoandikwa ili aweze kulitafuta au kumwonyesha mtu, na sema mpaka hapo ndo naishia. Yule rafiki wa kochi bado akiniona hunionyesha bega lake.